Watani walilala kaburini mwa baba, nasi tukawafukuza

Mpendwa Mshauri,

Baba yetu, Mngoni, alifariki tukamzika kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Songea. Sisi watoto tumezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Siku ya maziko walikuja watu wakajitambulisha kuwa ni watani, Wahehe. Mama mmoja akavaa koti na kofia ya baba, akawa anatembea kwa kuchechemea na kukohoa kama yeye. Mama yetu akacheka, siku ya nne ya msiba! Mwingine akasema kwa sauti mbele ya watu wote kwamba marehemu alikuwa anaomba nauli ya hospitali kwa majirani ilhali wanawe wana magari. Tulipofika makaburini, mzee mmoja akashuka kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe ng'ombe watatu. Mdogo wangu alimtoa kwa nguvu, akamsukuma, akamwambia hana adabu. Wale watu wakakusanya majembe yao wakaondoka bila kusema neno. Wazee wetu wakakasirika, tena si kwa watani: kwetu.

Arobaini ni wiki tatu zijazo. Baba mdogo anasema bila watani matanga hayaishi, lazima tukatengeneze. Mume wangu ni Mkenya, anauliza kwa nini hatukwenda polisi. Mimi sijui nianzie wapi. Tukaombe msamaha? Tulipe ng'ombe watatu kweli? Na nimeambiwa siku hiyo na mimi niwatukane. Nitamtukanaje mtu mzima nisiyemjua?

Binti wa marehemu, Dar es Salaam

*

Dada yangu, pole kwa msiba.

Msiende kuomba msamaha, na ng'ombe hamtalipa. Kuku mmoja anatosha kulitengeneza jambo hili. Kazi iko katika namna ya kumpeleka huyo kuku, na hiyo hutaielewa mpaka uwajue wale watu walikuja kufanya nini pale kwenu.

Wangoni na Wahehe walianza kwa mikuki. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya enzi za Shaka, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda hadi Ufipa, na baadaye baadhi yao wakateremka hadi kukalia nchi ya Songea. Huko wakakutana na Wahehe, waliokuwa wakijijenga chini ya Munyigumba na kisha mwanawe Mkwawa. Kati ya 1878 na 1882 walipigana kwelikweli, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Watu waliopigana hivyo halafu wakabaki majirani wana njia mbili tu, ama waendelee kuuana, ama waugeuze ugomvi uwe wa mdomo na kuuwekea sheria. Wao walichagua hiyo ya pili, na matusi ya leo ni ile vita ikiwa imevuliwa silaha.

Si utani wote uliozaliwa na vita. Wanyamwezi na Wazaramo wana utani wao, na huo umetokana na safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka kutoka Unyanyembe, huko Tabora, hadi pwani, mwendo wa miezi, wakipita katika nchi za watu wasio ndugu zao. Mpagazi akiugua njiani alihitaji mtu wa kumpa uji, na akifa, mtu wa kumfukia. Baadaye ikawa hivyohivyo kwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, watu waliokufa mbali na mama zao. Aliyewazika ni mtani. Kwa hiyo ukisikia watani wana haki msibani, usidhani ni haki ya kufanya fujo. Asili yake ni wajibu wa kushika jembe pale ambapo ndugu hayupo, au yupo lakini machozi hayamruhusu.

Hebu tazama tena ulichoandika mwenyewe: wakakusanya majembe yao. Walikuja na majembe. Bila shaka nusu ya lile kaburi wamelichimba wao.

Sasa tuyachukue yale matatu yaliyowaumiza, moja moja.

Yule mama aliyevaa koti na kofia hakuokota nguo akajivalia tu. Mtani wa kazi hiyo huwa anamjua marehemu, au huuliza mapema: alitembeaje, alipenda kusema nini, aliitaje chai yake. Huvaa nguo ambayo kila mtu anaitambua, kisha hupita mbele ya wafiwa akiwa yeye. Mfiwa haruhusiwi kufanya hivyo, ataonekana amerukwa na akili au hana huzuni. Jirani wa kawaida naye haruhusiwi, ataonekana anakejeli. Mtani peke yake anaweza, kwa kuwa hahesabiwi kuwa ndugu wala mgeni. Mjane aliyekaa siku nne bila kula, akicheka mara moja, kinachofuata mara nyingi ni kwamba anapokea bakuli la uji. Wanawake waliokuwa wamekaa naye chini watakwambia kama alikula siku ile. Waulize. Mdogo wako aliona mama anacheka akadhani anadhalilishwa. Yule mtani alikuja kukitafuta kicheko hichohicho.

Maneno ya nauli ni jambo jingine, na ndilo zito kuliko yote. Mtani ana ruhusa ya kusema hadharani kile ambacho wazee wenu wanakijua lakini heshima inawafunga mdomo. Baba mdogo hawezi kusimama kwenye msiba wa kaka yake akawaambia watoto wa kaka yake kwamba walimtupa. Itakuwa ugomvi wa ukoo, na utadumu miaka. Mtani akisema, inaitwa utani, watu wanaguna, wanacheka, na neno limefika. Inawezekana alitia chumvi. Inawezekana baba aliomba nauli mara moja tu, siku ambayo simu yako haikupatikana. Lakini usijaribu kabisa kujitetea. Ukianza kuonyesha kwenye simu ujumbe wa pesa ulizokuwa unatuma, umeugeuza utani kuwa kesi, na katika kesi hiyo majirani ndio mashahidi. Mama bado yuko. Watani watamuuliza tena siku ya arobaini, mbele yenu, nauli yake inatoka wapi. Hakikisheni siku hiyo ana la kujibu.

Na yule mzee aliyelala kaburini alifanya jambo la kawaida kabisa kwenye mazishi yenye watani. Hushuka kabla jeneza halijateremshwa, akajinyoosha, akadai malipo. Wakati mwingine husema kaburi ni fupi, au kwamba amelipenda na atahamia humo. Ng'ombe watatu hawakuwa bei, walikuwa mwanzo wa mazungumzo. Msemaji wa familia alipaswa kumjibu kwamba ng'ombe hakuna, na kama anataka kukaa humo basi alipe pango la mwezi mzima. Mzee angeshuka hadi ng'ombe mmoja, mara mbuzi, mara kuku, na mwisho angepanda juu akiwa na noti ya elfu mbili au elfu tano mkononi, watu wakicheka. Dakika tano, zikizidi sana kumi. Wakati huo wote wafiwa wanakuwa wamelitazama lile shimo likiwa na mtu hai ndani yake, mtu anayebishana bei, kabla halijampokea wanayempenda. Anayelijua hili hahitaji kuambiwa kwa nini linafanywa.

Kwenu hakukuwa na msemaji, na hapo ndipo palipoharibika. Mlikuja kutoka Dar, mmechoka, mdogo wako ndiye aliyebeba shughuli, na hakuna mtu mzima aliyewaketisha usiku ule akawaambia kesho watakuja watu wa aina hii. Katika hilo wazee wenu nao wana sehemu yao, na baba mdogo unaweza kumwambia kwa heshima.

Mume wako mjibu kwamba polisi angefika pale huenda angeuliza swali moja tu: ni mtani au si mtani? Kwa mila, mtani hana kesi ya tusi, kwa sababu tusi lake haliingii kwenye hesabu ya matusi. Sheria ya utani ni kwamba anayekasirika ndiye mkosaji. Mwambie pia kwamba yeye mwenyewe amekwisha kuwa na watani bila kujua. Wadogo zako ni mashemeji zake, wanaruhusiwa kumwita mume wao, kumdai zawadi na kumcheka anavyotamka maneno, naye anatakiwa ajibu. Kwa mama yako mambo ni kinyume kabisa. Mkwe haguswi kwa utani hata mdogo. Asichanganye hizi mbili siku ya arobaini, maana mgeni akishaona watu wanatukanana huku wanacheka hudhani ruhusa ni ya wote kwa wote.

Twende kwenye matengenezo.

Kilichonitia wasiwasi katika barua yako ni kwamba waliondoka bila kusema neno. Kama wangeondoka wakiwatukana, wakawaambia nyinyi ni watoto wa mjini msiojua hata kushika mpini, hakuna ambacho kingekuwa kimevunjika, na leo ningekwambia subirini tu, watarudi. Mtani akinyamaza ndipo pana neno. Maana yake amelipokea lile sukumo kama sukumo la kweli, na aliyesukumwa kweli huwa si mtani tena, ni mtu aliyeonewa.

Kwa sababu hiyo hiyo msamaha wa kawaida haufai. Mkienda mmevaa sura za huzuni, mkasema tunaomba radhi sana kwa yaliyotokea, mtakuwa mmekubali kwamba kweli palikuwa na ugomvi kati ya watu wawili wasiohusiana. Watawajibu kwa adabu, mtaagana kwa adabu, na utani utakuwa umekufa palepale. Mtu huomba radhi kwa jirani. Kwa mtani unakwenda kudai.

Tafuteni mjumbe kwanza. Asiwe wewe wala mdogo wako. Awe mtu mzima upande wa baba, mwenye mdomo, na bora zaidi awe ana mtu wake upande wa pili ambaye wamezoea kutaniana. Baba mdogo anaweza kufaa, ila kama bado ana uchungu wa kaka yake huenda ulimi ukawa mzito. Mjomba au shemeji wa marehemu mara nyingi hufanya vizuri zaidi. Waende watu watatu au wanne, na mdogo wako awemo. Yeye kazi yake ni kukaa chini, kunyamaza na kuchekwa. Waende wiki moja au siku kumi kabla ya arobaini, ili pakitokea ugumu pawe na nafasi ya kurudi. Kuku achukuliwe mzima, amefungwa miguu. Pesa badala ya kuku haifai, itaonekana ni fidia.

Mjumbe asianze kwa salamu za pole. Aanze mlangoni kwa kudai. Kwa mfano: "Tumekuja kuchukua kodi yetu. Kuna mtu wenu alilala kwenye shimo la Mngoni bila kulipa, na tumesikia alikoroma." Hapo mjumbe atulie asikilize wanavyojibu, maana jibu la kwanza ndilo litakalomwambia hali ikoje.

Wakilipuka, wakasema tokeni hapa, nyinyi mlimsukuma mtu wetu, sasa ng'ombe wamekuwa sita, mshukuruni Mungu. Hiyo ndiyo dalili nzuri. Mjumbe ataje kuku, waseme kuku huyu kakonda kama aliyemleta, mbishane, na mwisho watampokea huku wanalalamika. Kuku akipokewa kwa malalamiko, mambo yamekwisha. Wanaweza kumpa mdogo wako adhabu ya papo hapo, akachote maji ndoo mbili au apasue kuni. Afanye, tena afanye wakiwa wanamcheka namna anavyoshika shoka.

Lakini wakiwakaribisha viti, wakasema "asanteni, poleni sana na msiba, tumesikia," wakampokea kuku kwa mikono miwili, basi bado hawajarudi. Upole wa mtani ni baridi. Msilazimishe siku hiyo. Kuleni watakachowapa, muondoke, na katika siku tatu nne mjumbe aende peke yake kwa mzee wao, amuulize pembeni kinachowauma ni nini. Pengine yule mzee aliumia bega alipotolewa shimoni. Kama aliumia, hilo ni jambo la kweli na linalipwa kikweli: dawa, nauli ya hospitali, bila utani ndani yake. Likishalipwa, ndipo mrudi na kuku.

Sasa siku yenyewe. Wekeni msemaji mmoja wa familia na mweka hazina mmoja. Si mama, na msiwe watoto wa marehemu, kwa sababu wafiwa hawabishani bei. Mweka hazina awe na noti ndogo za elfu moja na elfu mbili, jumla shilingi 20,000 au 30,000 kwa kutwa nzima, mfukoni mwa shati na si kwenye pochi kubwa. Mtani akiona noti ya elfu kumi atataka hiyo. Watafunga njia ya jikoni, watakalia kiti cha mgeni wa heshima, watachukua sufuria au mwiko na kusema chakula hakitoki. Kila mara msemaji ajibu kwanza kwa maneno, noti ifuate mwishoni. Akilipa haraka bila kubishana amewanyima kilichowaleta, na watazidi kudai. Wengi wanaolalamika kwamba watani wamewamaliza pesa walikosea hapo tu: walilipa kama mtu anayemfukuza ombaomba.

Tengeni pia fungu lao la chakula tangu asubuhi, lijulikane ni la watani, pamoja na kinywaji. Kama familia yenu haitumii pombe, kreti moja ya soda inatosha, na jiandaeni kuambiwa soda ni maji ya watoto. Kwa padri au katekista, mwambieni mapema nani anakuja. Maeneo ya Songea wengi wao wanalijua jambo hili vizuri, wanachotaka ni watani wamalize yao kabla ya sala au baada yake, si katikati.

Kuhusu wewe kutukana: hulazimiki kuanza, lakini ukichokozwa ni lazima ujibu. Kumnyamazia mtani ni kumwambia humtambui. Shika jambo moja, kwamba tusi la utani linapiga kabila au ukoo, halimpigi mtu. Linachukua uongo ambao kila mmoja anajua ni uongo, au jambo la zamani lisilomuuma yeyote aliye hai, na kulikuza mpaka livimbe. Wahehe watawaambia nyinyi ni wakimbizi wa Shaka. Wangoni nao wana lao la siku zote, kwamba Mhehe akipita mbwa wafungiwe ndani. Na ukipigwa usikanushe. Likubali tusi, ulivimbishe, ulirudishe. Sikiliza linavyokwenda:

"Mbona mnatetemeka? Mnadhani Shaka anakuja?"

"Mbio za Shaka zilitufundisha, ndiyo maana tuliwafukuza nyinyi bila kuhema. Haya, mbwa wetu walikuwa sita asubuhi, sasa naona wanne."

"Hesabu vizuri. Yule mweupe alikuwa kakonda, tumewaachia mumnenepeshe."

Umeona mtani alivyofanya kwenye mstari wa mwisho? Hakusema sisi hatuli mbwa. Angesema hivyo, mchezo ungeishia hapo, na ungebaki mbele ya mtu anayejitetea. Alikubali, akaongeza, na sasa zamu ni yako. Ukiishiwa, cheka na umpe noti ya elfu moja. Kushindwa katika utani hakuna aibu.

Mipaka ipo, na msiivuke hata kama upande wa pili umechangamka. Kuna utani wa zamani juu ya Wahehe na kujinyonga. Watoto wa siku hizi wanausambaza kwenye simu kama kitu cha kuchekesha. Usiuguse. Hujui nani katika waliokaa pale amemzika kijana wake kwa kifo hicho, na akiwapo mmoja, hiyo siku imeharibika. Vivyo hivyo maradhi, utasa, talaka iliyo mbichi, na heshima ya mjane. Wala msipige picha za video mkarusha mitandaoni. Tusi lile linamhusu aliyepo, anayeweza kujibu. Likitoka nje ya ua huo na kufika kwa mtu asiyejua nani ni mtani wa nani, linabaki kuwa tusi la kabila, na limeshapata jina na sura ya mtu.

Mjini mtakutana na jambo jingine la kuangalia: watu wanaojiita watani ilhali wanafuata pesa tu. Kuwajua si kazi. Mtani wa kweli utamkuta ameshika kitu, jembe, ndoo, kisu cha kumenyea ndizi. Anachokichukua ni cha marehemu au cha jikoni, na hukirudisha. Hachukui simu ya mgeni wala mkoba. Anakubali elfu moja huku anatukana. Na kuna mzee upande wake anayeweza kuulizwa huyu ni nani. Yule mwingine hataki maneno mengi, anataka noti kubwa, na maziko yakianza hayupo. Huyo mwondoeni kwa heshima, hamvunji kitu chochote.

Mwisho ni lile koti na kofia. Waulize wazee ziko wapi. Ikiwa yule mama aliondoka navyo siku ile, hakuiba, anavishikilia, na kwa kweli ni habari njema kwenu, maana mtani aliyekata tamaa kabisa huviacha uani. Siku ya arobaini atakuja amevivaa. Atamwendea mama yako moja kwa moja, atachechemea, atakohoa, atamdai chai. Mwandalieni mama noti yake mwenyewe ya elfu mbili, aishike mkononi tangu mapema, ili aivue ile kofia kichwani kwa yule mtani kwa mkono wake.